Mtoto mwenye Tourette: jinsi ya kumfundisha kugeuza mazoea ya tiki, hatua kwa hatua, kwa wazazi na walimu

Nianze na neno ambalo karibu kila mtoto mwenye tiki analisikia siku nzima, "acha". Acha kutikisa shingo, acha kukohoakohoa, kaa vizuri. Anayesema hana nia mbaya, ila neno hilo halisaidii na mara nyingi linaongeza tiki zenyewe, manake tiki ukiitajataja mbele ya mtoto inachokozeka. Hapa nataka nieleze kitu kingine kabisa, mafunzo ya kugeuza mazoea, ambayo ndo tiba ya tabia inayotumika zaidi kwa tiki, na nitaichukua tiki moja tu ya shingo niende nayo mwanzo mpaka mwisho, ili mzazi na ticha waone kazi inafanyikaje na wao wanasimama wapi.

Kwanza tuelewane tiki ni nini

Tiki ni mwendo au sauti ya ghafla, ya haraka, inayojirudia rudia bila mpangilio maalum. Kupepesa macho, kukunja pua, kurusha shingo, kuinua bega, hizo ni za mwendo. Kusafisha koo, kunusa nusa, kuguna, kutoa mlio, hizo ni za sauti. Daktari anasema ni Tourette pale mtoto amekuwa na tiki za mwendo mbili au zaidi na angalau moja ya sauti, si lazima kwa wakati mmoja, na zimekuwepo zaidi ya mwaka tangu ya kwanza ilipoanza, na zilianza kabla ya miaka 18. Akiwa na za mwendo peke yake au za sauti peke yake kwa zaidi ya mwaka hiyo inaitwa tiki sugu, na zikiwa hazijafika mwaka bado ni za muda. Lile la kutukana ovyo ambalo watu wengi wanadhani ndo Tourette yenyewe, wengi wenye Tourette hawana kabisa.

Mara nyingi zinaanza mtoto akiwa na miaka kama 5 au 6, zinakuwa kali zaidi kwenye miaka 10 mpaka 12, alafu kwa wengi zinapungua kadiri ujana unavyoisha. Na katikati hapo zinapanda na kushuka zenyewe, wiki hii nyingi mwezi ujao chache, inatoka ya macho inakuja ya bega. Hii kupanda na kushuka ishike vizuri, tutaihitaji mbele.

Chanzo kiko kwenye ubongo, kwenye njia zinazounganisha sehemu ya juu ya ubongo na vile viini vya ndani vinavyochuja mwendo upi utoke na upi uzuiwe, na kwa sehemu kubwa inarithiwa. Hakuna malezi yaliyoleta tiki. Lakini, na hapa ndo mafunzo yanapopata mlango, kinachotokea kabla na baada ya tiki kinaweza kuifanya izidi au ipungue.

Kabla ya tiki watoto wengi, hasa wakifika miaka 9 au 10 hivi, wanahisi kitu. Mmoja atasema kunawasha ndani, mwingine kunabana, mwingine anasema ni kama chafya imekaribia. Tiki ikitoka ile hali inatulia kidogo. Kwahiyo ubongo unajifunza kwamba njia ya kuondoa usumbufu huu ni kufanya tiki, na kila ikitoka somo linakaziwa tena. Mafunzo ya kugeuza mazoea yanakata huo mnyororo. Mtoto anajifunza kukaa na ule msukumo mpaka ushuke wenyewe bila kuulipa, akiwa anafanya kitendo kingine ambacho hakiwezi kwenda pamoja na tiki.

Hii si sawa na kujizuia kwa nguvu. Anayejizuia anapambana na mwili mzima, hasikii hata somo, na hana mbinu yoyote zaidi ya kukaza. Wazazi wengi pia wanaogopa kwamba tiki ikizuiwa itarudi kwa kishindo. Hilo limepimwa kwenye utafiti, watoto wakazuia tiki kwa muda kisha wakaachiwa, na tiki hazikuzidi zile za mwanzo. Anavyolipuka akifika nyumbani kutoka shule inaeleweka zaidi ukiangalia uchovu, na kwamba nyumbani ndo mahali anajiachia.

Mbinu yenyewe ililetwa na Azrin na Nunn mwaka 1973, na mwaka 2010 ulitoka utafiti mkubwa wa watoto 126 wa miaka 9 hadi 17 uliotumia programu iliyojengwa juu yake, vikao 8 ndani ya wiki 10. Waliopata mafunzo, kidogo zaidi ya nusu walionekana wameboreka vizuri, na kwa waliopewa ushauri wa kawaida tu ilikuwa chini ya mmoja kati ya watano. Kwahiyo inasaidia, lakini haiponyi na haisaidii kila mtoto, na mtoto aambiwe hivo mapema ili asije akaona kosa ni lake.

Kuchagua tiki ya kuanza nayo

Kama kuna mtaalamu aliyefunzwa mbinu hii muende kwake, iwe ana kwa ana au kwa vidio, njia zote mbili zinafanya kazi. Kama hayupo, mzazi makini bado anaweza kufanya sehemu kubwa ya ninayoandika hapa, ilimradi daktari ameshathibitisha kwamba ni tiki na si kifafa au kitu kingine.

Kaa na mtoto, andikeni tiki zote kwenye daftari, alafu yeye aseme kila moja inamsumbua kiasi gani kutoka 0 mpaka 10. Nasema yeye. Mzazi mara nyingi anataka kuanza na sauti kwa sababu watu wanageuka kuangalia, kumbe mtoto sauti haimsumbui, kinachomuumiza ni shingo. Mnaanza na moja tu, ile inayomsumbua mwenyewe, na zingine zote zinaachwa kana kwamba hazipo.

Tuseme basi ni mtoto wa miaka 10, wa kiume. Ana tiki ya macho ambayo ameipa 2, ya kusafisha koo ameipa 5, na shingo inayoruka kwenda kulia ameipa 8, anasema inauma jioni na akiwa anasoma mstari unampotea. Tunaanza na shingo.

Kabla hamjabadilisha chochote hesabuni. Mzazi anachagua dakika 15 zilezile kila siku, tuseme baada ya chakula cha jioni wakati mtoto anaangalia televisheni, anakaa pembeni kimya na kuchora mstari kila shingo ikiruka. Bila kumtazama kwa macho makali, bila kutaja namba kwa sauti. Wiki moja inatosha. Kwa mtoto wetu tuseme wastani umetoka 30.

Kuijua tiki kabla haijafika

Hapa ndo watu wanaruka haraka na hapa ndo kila kitu kinaharibika, manake mtoto asiyeijua tiki yake ikija hawezi kuiwahi. Kazi hii ina sehemu tatu na kila moja inajengwa juu ya nyingine.

Kwanza anaielezea tiki polepole mwanzo mpaka mwisho, na mara ya kwanza atasema tu "shingo inaruka". Muulize kabla ya hapo nini kinasogea, nini kinakaza, unahisi nini na wapi. Mtoto wetu baada ya kuulizwa ulizwa anafika hapa: "Kwanza pananibana hapa chini ya sikio la kulia, alafu bega linapanda kidogo, macho yanaenda pembeni, ndo shingo inaruka, alafu naona afadhali." Hiyo sasa ni ramani. Kule kubana chini ya sikio na bega kupanda ndo dalili zake za mapema, na ndo tutakazozitafuta.

Pili, mzazi au mtaalamu anaigiza ile tiki katikati ya maongezi ya kawaida na mtoto anainua kidole kila akiiona. Kwa watoto wengi ni mchezo na wanaupenda, ila kuna mtoto atakayeona anachekwa, kwahiyo muombe ruhusa kwanza na akikataa ruka sehemu hii.

Tatu, anainua kidole kwa tiki yake mwenyewe. Mnaongea mambo ya kawaida, mpira, rafiki zake, chochote, shingo ikiruka anainua kidole. Akipitwa unamwambia kwa upole "hiyo hapo imepita" basi, mnaendelea na stori. Akizikamata unamwambia umeikamata. Alafu mnasogea nyuma, anainua kidole akihisi bega linapanda, na mwisho akihisi kule kubana kabla hata hakuna kilichosogea. Akikamata nane kati ya kumi mnaweza kwenda mbele. Kuna mtoto anafika hapo ndani ya kikao kimoja, mwingine inamchukua wiki mbili, na wale wadogo ambao bado hawahisi msukumo wanatumia ule mwendo wa kwanza kabisa kama dalili, yaani bega.

Msishtuke siku hizi tiki zikionekana nyingi kuliko kawaida. Mnazizungumzia na kuzisikilizia, kwahiyo zinachokozeka. Inapita.

Kitendo kinzani

Sasa anachaguliwa kitendo cha kufanya badala ya tiki. Kina masharti yake. Kikifanyika tiki isiweze kutoka au iwe ngumu sana kutoka. Aweze kukishika kwa dakika nzima. Kifanyike popote, amekaa au anatembea, bila kuhitaji kitu mkononi. Na kisionekane kuliko tiki yenyewe, manake hakuna faida ya kubadilisha tiki ndogo kwa pozi la ajabu.

Kwa shingo ya mtoto wetu ni hivi. Macho yanaangalia mbele, kidevu kinashuka kidogo kuelekea kifuani, misuli ya shingo inakazwa taratibu, mabega yanashushwa chini, na anaendelea kupumua kawaida. Kukaza kwenyewe ni kidogo tu, kiasi cha kuzuia shingo isiruke. Anakishika kwa dakika moja au mpaka msukumo ushuke, kinachochelewa ndo kinafuatwa.

Kwa tiki zingine mantiki ni ileile. Bega linalopanda linashushwa na kiwiko kinabanwa taratibu ubavuni. Macho yanayopepesa ovyo, anapepesa polepole kwa makusudi huku ametuliza macho sehemu moja. Sauti za koo, anafunga mdomo na kupumua taratibu kwa pua, kwa mdundo mmoja, pumzi inaingia tumboni.

Lini anakifanya? Akihisi msukumo. Au tiki ikishaanza. Au hata ikishatoka, anakifanya palepale. Hii ya mwisho wengi hawaijui, mtoto anaona ameshindwa kwa sababu imetoka basi anaacha, kumbe kukifanya baada ya tiki ni sehemu ya mafunzo, na siku zinavyokwenda anazidi kuiwahi mapema.

Mfanyie wewe kwanza aone. Alafu afanye bila tiki, mkiangalia kwenye kioo kama kinaonekana. Alafu mkae mkiongea dakika 20 hivi akitumia kila msukumo ukija, na mzazi ajifunze kunyamaza wakati mtoto yuko katikati ya ile dakika. Baada ya hapo mnapanga vipindi viwili au vitatu vifupi kila siku nyumbani, nusu saa hivi kila kimoja, ambapo anajitahidi kwa dhati. Nje ya vipindi hivyo anatumia akiweza, asipoweza hakuna kesi.

Kazi ya mzazi, na anapoharibu

Mzazi ana maneno mawili tu. Akiona mtoto ametumia kitendo anamsifu kwa sauti ya kawaida, "nimeona umekishika, vizuri." Akiona tiki imepita bila kitendo, na ni ndani ya kipindi cha mazoezi, anamkumbusha mara moja, "kumbuka zoezi lako." Basi. Ukianza kumkumbusha mezani, kwenye gari, mbele ya wageni, umeshageuka askari wa tiki, na ndani ya wiki mbili mtoto atachukia zoezi na wewe pamoja. Mkubaliane hata ishara ya kidole badala ya maneno, watoto wengi wanaipenda hiyo zaidi.

Zawadi kama mnatoa, toeni kwa kufanya mazoezi. Msitoe kwa siku isiyo na tiki. Mtoto anayelipwa kwa kukosa tiki atazificha, atajizuia kwa nguvu, na siku zikipanda zenyewe ataona ameadhibiwa kwa kitu asichokitawala.

Makosa mengine yanajulikana kwa alama zake. Mtoto akilalamika shingo au kichwa kinauma baada ya mazoezi, anakaza mno, punguzeni nguvu. Akiwa mwekundu na anahema, anabana pumzi. Akisema zoezi linaleta tiki nyingine, angalieni kama amechagua kitendo kigumu kiasi kwamba chenyewe kinamkera, ila pia kumbukeni tiki mpya huja na kuondoka zenyewe hata bila mafunzo. Na msipime kwa siku moja. Linganisheni wastani wa wiki na wastani wa wiki. Mtoto wetu tuseme wiki ya pili ya mazoezi ana 27, ya tatu 19, ya nne inapanda 24 kwa sababu ya mitihani, ya sita iko 12. Aliyeangalia wiki ya nne peke yake angeacha.

Shingo ikishatulia kiasi kwamba yeye mwenyewe anaipa 3 au chini, mnahamia kwenye koo, na vipindi vya shingo vinabaki vifupi vya kukumbushia.

Kinachozunguka tiki

Kuna upande wa pili ambao haumhusu mtoto, unawahusu walio karibu naye. Kwenye daftari andikeni tiki inazidi lini na watu wanafanya nini ikizidi. Kwa mtoto wetu inaonekana shingo inaruka sana akianza homuweki ya hesabu, na mama akiona anamkanda shingo na kumwambia apumzike, homuweki inaahirishwa. Mama amefanya kwa huruma, na mtoto hajifanyi, tiki ni za kweli kabisa. Ila ubongo umepata faida mbili, hesabu imeondoka na mama amekuja. Suluhisho ni kugawa homuweki vipande vya dakika 10 na mapumziko yaliyopangwa, yanayokuja tiki ziwepo zisiwepo, na kumkanda shingo kuhamie wakati mwingine wa jioni. Usingizi wa kutosha nao ni sehemu ya kazi hii, manake uchovu unapandisha tiki waziwazi.

Kwa ticha

Mwalimu, wewe si mkufunzi wa zoezi. Usimkumbushe kufanya kitendo kinzani darasani, hata kwa nia njema, isipokuwa yeye na mzazi wamekuomba na mmekubaliana ishara. Kazi yako kubwa ni kuendelea kufundisha tiki ikitoka kana kwamba hujaona, manake darasa linaangalia uso wako kujua kama hiki ni kitu cha kushangaa.

Mkalishe anapoona ubao ila asiwe mstari wa mbele kabisa ambapo kila mtu anamuona mgongoni, pembeni karibu na mlango ni pazuri. Apewe ruhusa ya kutoka dakika chache bila kuomba kila mara, kwa kadi anayoiweka mezani kwa mfano, na akirudi anaendelea na kazi ileile aliyoiacha. Mtihani apewe chumba kingine na muda wa ziada, kwa sababu kwenye ukimya wa chumba cha mtihani mtoto mwenye sauti ya koo anatumia akili yote kuizuia na haibaki ya maswali. Kusoma kwa sauti msiondoe kabisa, mpe aya fupi na mwambie mapema ni aya ipi.

Darasa lielezwe tu kama mtoto na mzazi wamekubali, na mtoto achague kama awepo au asiwepo. Maneno machache yanatosha: ubongo wake unatuma mwendo ambao hajauomba, hauambukizi, hauzuiliki kwa kuambiwa, na kumuangalia kunaongeza.

Na ticha ukiona matokeo yanashuka usikimbilie kulaumu tiki. Watoto wengi wenye Tourette wana pia shida ya umakini na kutotulia, au mawazo yanayojirudia yanayowalazimisha kufanya vitu, na mara nyingi hizo ndo zinazowaangusha zaidi masomoni. Zinatibiwa kivyake, mwambie mzazi unachokiona.

Wakati wa kurudi kwa daktari

Mafunzo haya hayazuii dawa, vinaweza kwenda pamoja. Dawa zinafikiriwa pale tiki zinaumiza, zinamzuia kusoma au kulala, au amefanya mafunzo vizuri kwa miezi na bado hali ni mbaya. Klonidini na gwanfasini huanza mara nyingi, hasa kama kuna shida ya umakini, na zipo za nguvu zaidi kama aripiprazoli, zote kwa daktari anayefuatilia, manake zina madhara yake kama usingizi mwingi au kuongezeka uzito.

Rudini pia haraka kama mtoto anapoteza fahamu au hakumbuki kilichotokea wakati wa ule mwendo, maana tiki haifanyi hivo. Kama miendo mikubwa imelipuka ghafla ndani ya siku chache kwa kijana ambaye hakuwahi kuwa na tiki, hiyo inaweza kuwa hali nyingine yenye tiba yake tofauti. Na kwa mtoto mwenye tiki ya shingo kama huyu wetu, akianza kusema mikono inakufa ganzi, au inakosa nguvu, au kutembea kumebadilika, simamisheni zoezi na aonwe siku hiyohiyo, kwa sababu shingo inayorushwa kwa nguvu muda mrefu inaweza kuumiza uti wa mgongo.